Kupanga zamu za kusimamia mtihani wa muhula: vyumba 9, walimu 20, vipindi 9

Malalamiko ya walimu kuhusu zamu za mtihani huwa ya aina moja. Mmoja anasimama bwaloni saa 3 nzima mbele ya watahiniwa 60, mwenzake anakaa na darasa moja saa 2 na nusu, na kwenye orodha wote wameandikiwa zamu moja. Ukihesabu zamu peke yake, ratiba itaonekana ya haki kwenye karatasi na itakuwa na upendeleo vyumbani. Kwa hiyo njia inayoelezwa hapa inahesabu uzito wa zamu, na inaanza kujaza nafasi ngumu kabla ya rahisi.

Mwongozo huu ni wa mitihani ya ndani ya shule: ya muhula, ya kufunga mwaka na ya majaribio. Mitihani ya taifa ina taratibu zake chini ya Baraza la Mitihani, na wasimamizi wake hutoka nje ya shule.

Mfano tutakaoufuata ni shule ya sekondari ya kutwa yenye Kidato cha 1 hadi cha 4. Kidato cha 1 kina wanafunzi 90, cha 2 kina 84, cha 3 kina 60 na cha 4 kina 56, jumla 290. Kuna madarasa 8 na bwalo. Walimu ni 23, lakini mkuu wa shule na mwalimu wa taaluma hawaingii kwenye zamu, na mwalimu mmoja yuko likizo ya uzazi. Wanabaki 20.

Anza na viti, si na walimu

Idadi ya wasimamizi inatokana na idadi ya vyumba, na vyumba vinatokana na nafasi kati ya mtahiniwa na mwenzake. Chukua futi kamba uingie darasani. Darasa la mita 9 kwa 7, ukiacha karibu mita 2 mbele kwa meza ya msimamizi na njia, linachukua safu 5 zenye viti 6 kila moja. Kati ya meza na meza, ukipima katikati hadi katikati, unapata mita 1.2 kwenda nyuma na mita 1.4 kwenda pembeni. Hivyo darasa linaloketisha wanafunzi 45 siku za kawaida litaketisha 30 siku ya mtihani. Madarasa 8 ni viti 240, na bwalo likichukua 60 unapata viti 300 kwa watahiniwa 290.

Sasa changanya vidato. Weka Kidato cha 1 na cha 2 pamoja, cha 3 na cha 4 pamoja, na uwaketishe kwa kupishana kama vyumba vya ubao wa drafti: wa Kidato cha 1 akizungukwa mbele, nyuma, kulia na kushoto na wa Kidato cha 2. Hapo anayeinua shingo anakutana na karatasi isiyomsaidia. Katika mfano wetu hesabu inakaa sawasawa. Vyumba 6 vya kwanza vinachukua watahiniwa 15 wa Kidato cha 1 na 14 wa Kidato cha 2 kila kimoja. Vyumba vya 7 na 8 vinachukua 15 wa Kidato cha 3 na 14 wa Kidato cha 4, na bwalo linachukua 30 na 28.

Usioanishe vidato ovyo. Kidato cha 1 na cha 2 hapa wanafanya karatasi za saa 2 na nusu, na wale wa juu saa 3. Ukichanganya cha 1 na cha 4 chumba kimoja, nusu ya chumba itainuka na kukokota viti wakati nusu nyingine inaandika insha yake ya mwisho. Kosa hilohilo hutokea hata vyumba vikiwa tofauti, kama wa vidato vya chini wanapita dirishani mwa wakubwa wakielekea getini. Tembea shule nzima kabla ya kugawa vyumba, na vyumba vya 7 na 8 viwe upande ambao njia ya kutokea haipiti.

Karatasi na vipindi

Tunaita kipindi kila kikao kimoja cha mtihani, cha asubuhi au cha mchana. Cha asubuhi kinaanza saa 2:00, cha mchana saa 8:00. Masomo yamepangwa hivi:

| Siku | Asubuhi | Mchana |
|---|---|---|
| Jumatatu | Hisabati | Uraia |
| Jumanne | Kiingereza | Jiografia |
| Jumatano | Baiolojia | Historia |
| Alhamisi | Kiswahili | Fizikia / karatasi ya kwanza ya biashara |
| Ijumaa | Kemia / karatasi ya pili ya biashara | – |

Mchana wa Ijumaa umeachwa makusudi. Swala ya Ijumaa inaangukia palepale ambapo walimu na watahiniwa Waislamu wangetakiwa kuwa njiani kuingia chumbani. Ukilazimika kuutumia, anza saa 9:00 na uweke karatasi fupi.

Fizikia na biashara zimewekwa kipindi kimoja kwa sababu katika Kidato cha 3 na cha 4 mwanafunzi huchagua mchepuo. Kabla ya kuliamini hilo, fungua orodha ya masomo kwa kila mwanafunzi na uwatafute wanaosoma yote mawili. Huwa wapo wawili au watatu, na hawajitokezi mpaka asubuhi ya mtihani. Wakipatikana mapema, watafanya karatasi moja kipindi hicho na ile ya somo jingine siku hiyohiyo wakiwa chini ya uangalizi wa mwalimu mmoja, wala hawaruhusiwi kukutana na wenzao katikati.

Mitihani ya vitendo iweke nje ya hesabu hii, wiki inayofuata. Maabara huchukua kundi dogo, kundi la pili lazima lizuiliwe mahali mpaka la kwanza limalize, na mwalimu wa somo anatakiwa awepo ndani kuangalia vifaa na kemikali. Kanuni zake zinapingana na za karatasi za kuandika, na ukizichanganya ratiba yote inayumba.

Uzito wa zamu

Kila kipindi kinahitaji msimamizi mmoja kwa kila darasa, wawili bwaloni, na mmoja wa akiba. Jumla ni nafasi 11. Vipindi 9 vinafanya nafasi 99, na ukigawa kwa walimu 20 unapata 5 kila mmoja, isipokuwa mmoja atakayepata 4.

Hapa ndipo walimu wa taaluma wengi huishia. Endelea hatua moja: kila nusu saa ya kusimama ipe alama 1. Chumba cha 1 hadi cha 6 ni nafasi fupi, alama 5. Chumba cha 7, cha 8 na kila nafasi ya bwalo ni nafasi ndefu, alama 6. Akiba ni alama 2, maana anakuwa huru sehemu kubwa ya kipindi ingawa hawezi kuondoka shuleni. Kipindi kimoja kinabeba 30 + 24 + 2, yaani alama 56. Vipindi 9 vinabeba 504. Gawa kwa 20, lengo ni alama 25 kwa kila mwalimu.

Nafasi 9 za akiba ndizo zinazoharibu usawa usipoziangalia, kwa kuwa anayepata akiba mbili na vyumba vifupi vitatu anamaliza wiki na alama 19 huku mwenzake ana 28. Dawa yake ni kumpa kila mwenye akiba nafasi ndefu za kufidia. Mgawanyo unaofanya kazi katika mfano huu ni huu:

- Walimu 9: akiba 1, nafasi ndefu 3, nafasi fupi 1. Alama 25 kila mmoja.
- Walimu 9: nafasi ndefu 1, nafasi fupi 4. Alama 26 kila mmoja.
- Mwalimu 1: nafasi fupi 5. Alama 25.
- Mwalimu 1: nafasi fupi 4. Alama 20.

Huyo wa mwisho ni mwalimu anayenyonyesha. Hapewi mchana, hapewi bwalo, na hapewi akiba inayoweza kumgeukia kuwa saa 3. Iandike sababu ya nafuu hiyo kwenye daftari la taaluma na iwe na sahihi ya mkuu wa shule. Nafuu isiyoandikwa husomeka kama upendeleo.

Mchana nao una uzito wake, kwa joto na kwa uchovu, hata kama saa ni zilezile. Nafasi za mchana ni 44. Ukimwondoa mwalimu huyo wanabaki 19, kwa hiyo 13 watapata mchana mara 2 na 6 watapata mara 3. Hao 6 waandike pembeni: muhula ujao wao ndio wa kwanza kupunguziwa.

Nani hawezi kuwa wapi

Chora jedwali lenye walimu 20 kwenda chini na vipindi 9 kwenda pembeni, kisha weka alama ya X kila mahali ambapo mwalimu haruhusiwi. X ya kwanza ni somo lake. Mwalimu hasimamii karatasi ya somo analofundisha, kwa sababu watahiniwa watamwita kwa jicho, na wema wa kueleza swali humponyoka hata bila kukusudia. Lakini siku hiyo asiende nyumbani. Nusu saa ya kwanza anatakiwa awe ofisi ya walimu, maana ndipo makosa ya uchapaji yanapogundulika: mchoro uliofifia, swali la 7 lililorudiwa, jedwali lililokatwa. Msimamizi anamwita mwalimu wa taaluma, naye anampelekea mwalimu wa somo, na sahihisho linatangazwa vyumba vyote kwa maneno yaleyale.

Kumbuka kwamba walimu wengi wana masomo mawili. Wa Hisabati na Fizikia ana X Jumatatu asubuhi na Alhamisi mchana. Walimu wa mazoezi kutoka chuoni, kama wapo, waingie bwaloni kama mtu wa tatu. Chumba wasiachiwe peke yao, kwa sababu likitokea tukio la udanganyifu sahihi yao haitabeba uzito mbele ya kamati ya nidhamu.

Jedwali likishajaa X, hesabu kila kipindi kina walimu wangapi waliobaki huru. Jumatatu asubuhi walimu 3 wa Hisabati wanatoka, wanabaki 17 kwa nafasi 11, hakuna shida. Alhamisi mchana walimu 3 wa Fizikia na 2 wa biashara wanatoka, na anayenyonyesha hapewi mchana. Wanabaki 14. Hicho ndicho kipindi cha kujaza kwanza. Ukianza na Jumatatu kwa kuwa ndiyo ya kwanza kwenye kalenda, ukifika Alhamisi utakuta waliobaki huru wameshamaliza alama zao, na utaanza kubomoa kazi ya siku tatu.

Kujaza

Jaza kwa utaratibu huu: kipindi chenye walimu wachache kwanza, na ndani ya kipindi bwalo kwanza, halafu vyumba vya 7 na 8, halafu vyumba vifupi, akiba mwisho. Bwaloni mweke mzoefu mmoja na mgeni mmoja. Mtu asirudi chumba kilekile vipindi viwili mfululizo, na wawili wa bwalo wasiwe walewale wiki nzima.

Suala la kusimama asubuhi na mchana siku moja halikwepeki. Ijumaa inahitaji walimu 11 tu, hivyo 9 wako huru siku hiyo, na wenye zamu 5 kati yao lazima wazibane ndani ya siku 4. Mara 8 hivi mtu atasimama mara mbili kwa siku. Kinachowezekana ni kuzigawa: mwalimu asipate siku ya namna hiyo zaidi ya mara moja, na isiwe ile ambayo asubuhi yake ni bwalo.

Kuna jambo moja ambalo alama hazilioni, nalo ni kusahihisha. Walimu wa Kiingereza wanapokea vitabu 290 Jumanne saa 5:00, na insha zake hazisomeki kwa haraka. Usiwapunguzie zamu, kwani wengine nao watasahihisha. Wasogezee. Jumatatu wape vipindi viwili, Jumanne mchana kimoja, kisha wabaki na viwili tu kwa siku tatu zilizobaki. Wa Kemia, ambao karatasi yao ni ya Ijumaa, wabebe Jumatano na Alhamisi. Ukifanya hivi matokeo yanatoka mapema bila kumwongezea mtu hata alama moja.

Jedwali linalojihesabu

Kwenye kompyuta, fungua jedwali la hesabu. Safu A mstari wa 2 hadi 12 andika nafasi 11, safu B alama zake (5, 6 au 2), safu C hadi K vipindi 9 kuanzia Jumatatu asubuhi. Kila mwalimu mpe namba fupi, W01 hadi W20, na uziorodheshe A20 hadi A39. Mbele ya W01 weka fomula tatu, za zamu, alama na mchana, kisha zivute chini:

```
=COUNTIF($C$2:$K$12,A20)
=SUMPRODUCT(($C$2:$K$12=A20)*$B$2:$B$12)
=COUNTIF(D$2:D$12,A20)+COUNTIF(F$2:F$12,A20)+COUNTIF(H$2:H$12,A20)+COUNTIF(J$2:J$12,A20)
```

Kwenye C13, ukivuta hadi K13, weka ya kukamata mwalimu aliyeandikwa vyumba viwili kipindi kimoja. Jibu likiwa si 0, kuna jina limejirudia:

```
=SUMPRODUCT((C$2:C$12<>"")*(COUNTIF(C$2:C$12,C$2:C$12)>1))
```

Kama kompyuta yako inakataa mkato katikati ya fomula, tumia nukta mkato. Kisha jumlisha safu ya alama za walimu wote. Lazima ipatikane 504. Ikija 499, kuna nafasi fupi tupu, au umeandika "W0 7" yenye nafasi katikati, na mwalimu huyo amepotea kwenye hesabu ingawa macho yanamwona kwenye ratiba.

Shule isiyo na kompyuta itumie karatasi ya manila na penseli. X za jedwali la kwanza na kujumlisha alama mwisho wa kila mstari vinafanya kazi ileile, ila jumla ya 504 uihakiki mara mbili.

Kabla ya kubandika, na baada

Rasimu itoke siku 5 za kazi kabla ya mtihani, yenye neno RASIMU juu, na walimu wapewe siku 2 kuleta sababu zao kwa maandishi. Ratiba kamili ibandikwe ofisi ya walimu, si kwenye ubao wa wanafunzi: wanafunzi wakijua mapema nani atasimamia chumba gani, wenye nia mbaya wanapanga kwa kumlenga. Kila mwalimu apewe pia kikaratasi chenye zamu zake tu, siku, saa ya kuripoti na chumba. Andika saa ya kuripoti, 1:30 na 7:30, wala si ya kuanza. Nusu saa hiyo inatumika kuhesabu bahasha, na kipindi cha Fizikia na biashara bahasha ya chumba cha 7 ina karatasi za aina nne. Asiyezihesabu ofisini atagundua upungufu mbele ya watahiniwa.

Msimamizi wa akiba naye ana kazi ya wazi. Nusu saa ya kwanza anakaa ofisi ya taaluma akisubiri kama kuna aliyekosekana. Baada ya hapo anazunguka chumba kwa chumba akimpokea msimamizi dakika 5 za kwenda msalani, kuanzia chumba cha 1. Bwalo analiruka, wale wawili wanapokezana. Akichukuliwa kuziba pengo, mwalimu wa taaluma anakuwa akiba mwenyewe.

Kubadilishana zamu kuruhusiwe kwa masharti mawili: alama ziwe sawa, na anayeingia asiwe na X kipindi hicho. Wote wawili wasaini daftari la mabadiliko kabla ya saa 10 jioni ya siku iliyotangulia. Makubaliano ya simu au ya kundi la WhatsApp yasihesabiwe mpaka yafike kwenye daftari hilo, kwa kuwa tatizo la kawaida si mwalimu kukataa zamu. Ni wawili kuelewana, mmoja akasahau, na chumba kikafika saa 2:00 hakina mtu huku ratiba ikionyesha jina.

Kila jioni, kwa rangi nyingine, andika kilichotokea kweli juu ya kilichopangwa. Aliyekuwa akiba akaziba chumba cha 3, alama zake 2 zifutwe ziwe 5. Aliyekosa kwa ugonjwa apungue, na asilipishwe siku ileile. Wiki ikiisha utakuwa na alama halisi, pengine kati ya 20 na 31. Hizo ndizo unazoanza nazo muhula unaofuata: toa alama za kila mtu kwenye lengo la 25, na tofauti iongeze au ipunguze kwenye lengo lake jipya, mwenye 31 akianza na lengo la 19.